Wimbo wa msanii kwenye video ya harusi unayoiweka YouTube: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wapiga video wa harusi, sendofu na kitchen pati, watu wanaoweka kionjo cha dakika nne au tano kwenye chaneli yao ili wateja wengine waone kazi. Majibu yanaelekea YouTube zaidi kwa sababu ndiko kesi nyingi zinakoanzia, na sheria inayotajwa ni ya Tanzania, pamoja na ya Kenya pale inapobidi.

Nalipia kusikiliza muziki kila mwezi, na huu wimbo nimeupakua kihalali. Mbona naambiwa sina haki ya kuutumia?

Kwa sababu ulicholipia ni kusikiliza. Programu za kusikilizia muziki zinakuuzia ruhusa ya masikio yako tu, na masharti uliyoyakubali ulipojiunga yanasema hivyo. Kuuchukua wimbo, kuukata, kuubandika chini ya picha za bibi harusi anayeshuka kwenye gari, kisha kuusambaza kwa dunia nzima ni matumizi mengine kabisa. Ni kunakili na kuufikishia umma, na hayo kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ni ya mwenye kazi peke yake mpaka akuruhusu.

Sheria inaacha mwanya wa kunakili kwa matumizi yako binafsi. Mwanya huo haumfikii mpiga video anayelipwa na mteja.

Wimbo mmoja una wenyewe wangapi?

Anzia mbili. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodia ya wimbo kama ulivyotungwa, hata kama bado haujarekodiwa. Halafu kuna rekodi, ile sauti iliyotoka studio. Ukitaka kuuweka wimbo wa msanii kwenye video unahitaji ruhusa zote mbili: ya utunzi kuunganishwa na picha, na ya kutumia rekodi hiyo.

Kwenye nyimbo zetu za leo, kila upande unaweza kuwa na zaidi ya mtu mmoja. Aliyeandika beti si lazima awe aliyeimba. Prodyuza aliyetengeneza biti mara nyingi ana sehemu yake kwenye utunzi, hasa pale ambapo hapakuwa na mkataba studio, na hapo ndipo nyimbo nyingi zilipo. Aliyeshirikishwa kwenye kolabo ana lebo yake. Rekodi inaweza kuwa ya msanii mwenyewe, ya studio au ya lebo iliyolipia kila kitu. Ukiona msanii anaitaja kazi kuwa "yangu", anaweza kuwa anasema kweli kuhusu sauti yake na asiwe na mamlaka juu ya rekodi.

Msanii mwenyewe ameniruhusu kwa WhatsApp. Dai la hakimiliki limekujaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, kwa hiyo tulifuate taratibu kwa mfano mmoja.

Kionjo cha harusi ya Kigamboni kina urefu wa dakika 5 na sekunde 20. Kuanzia sekunde ya 42 mpaka 1:38, maharusi wanapocheza, umeweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma. Msanii unamfahamu, ukamwandikia, akajibu, "Poa kaka, tumia tu, ila nitag." Ukapandisha video saa mbili usiku, na kabla hujafunga kompyuta, YouTube Studio ikaonyesha dai mbele ya video, pamoja na jina la kampuni ambayo hujawahi kuisikia.

Kampuni hiyo ni msambazaji. Lebo ilipotoa wimbo iliupeleka kwake, naye akaupeleka kwenye maduka yote ya mtandaoni na kuiingiza rekodi kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaolinganisha kila video inayopandishwa na kumbukumbu za sauti za wenye haki. Mfumo hausomi WhatsApp. Umeisikia rekodi kwenye video yako kuanzia 0:42 hadi 1:38, ukatekeleza agizo uliloachiwa na mwenye rekodi: kuweka matangazo na kuchukua mapato, kuizuia video, au kufuatilia tu watazamaji wake.

Kwa hiyo una mambo mawili ya kushughulikia, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza muda. La kwanza ni kama ruhusa yako inatosha kisheria. Hapa haitoshi, maana mwenye rekodi ni lebo na prodyuza hajaulizwa. La pili ni kumfanya msambazaji aliondoe dai, na hilo hata ruhusa kamili hailifanyi yenyewe. Lazima mtu mwenye akaunti kwa msambazaji, yaani lebo au msanii anayejitegemea, amwambie aliachie dai hilo na aiingize chaneli yako kwenye orodha ya chaneli zilizoruhusiwa. Utakachotakiwa kutoa ni kiungo cha video na namba ya chaneli, ile inayoanza na herufi UC. Inapatikana kwenye mipangilio ya akaunti yako, na si sawa na jina linaloanza na alama ya @.

Msanii asiye na lebo, anayesambaza mwenyewe na aliyenunua biti kwa mkataba, anaweza kulimaliza hilo kwa simu yake. Ndiyo maana kwa kazi za harusi nawashauri watu waanze na wasanii wa namna hiyo badala ya kumkimbilia mwenye wimbo namba moja mjini.

Ruhusa iandikweje?

Nusu ukurasa inatosha, alimradi umeandika vitu vinavyokuja kubishaniwa baadaye. Mfano:

> Sisi tuliosaini hapa chini, wamiliki wa utunzi na rekodi ya wimbo ______, tunamruhusu ______ kuutumia wimbo huo, kuanzia dakika __ hadi __, kusindikiza video ya harusi ya ______ yenye urefu usiozidi dakika __. Video inaweza kuwekwa kwenye YouTube, Instagram na Facebook, katika chaneli na kurasa za mpiga video na za maharusi, duniani kote, bila kikomo cha muda. Wimbo unaweza kukatwa na kupunguzwa sauti lakini maneno yasibadilishwe. Malipo ni shilingi ______, yamelipwa mara moja. Tutaagiza dai lolote la Content ID juu ya video hii liondolewe ndani ya siku __ baada ya kupewa kiungo.

Wasaini mwenye rekodi, mtunzi na prodyuza, kila mmoja aandike yeye ni nani kwenye wimbo. Maneno "duniani kote" si mapambo. Video ya YouTube inaonekana Muscat na Toronto dakika ileile inayoonekana Temeke, na ruhusa ya Tanzania peke yake inakuacha wazi kwingine kote. "Za maharusi" nayo ina kazi yake, kwa sababu bwana harusi ataichukua video na kuiweka kwenye ukurasa wake, na bila neno hilo ameiweka bila ruhusa.

Bei haina jedwali. Ni maelewano, na inapanda kulingana na umaarufu wa wimbo, urefu wa kipande na kama video inatangaza biashara.

Dai na onyo vina tofauti gani?

Tofauti kubwa, na watu wanashtuka bure kwa kutoijua. Dai la Content ID linaihusu video moja. Haliigusi chaneli. Video inaweza kuendelea kuonekana huku mapato yakienda kwa mwingine, au ikazuiwa katika baadhi ya nchi, au isionekane popote.

Onyo la hakimiliki linakuja baada ya mwenye haki kutuma ombi rasmi la kuiondoa video. Video inashuka na chaneli inawekewa alama. Onyo la kwanza linakupeleka kwenye somo fupi la hakimiliki, na onyo huisha baada ya siku 90. Ukikusanya maonyo matatu ndani ya siku hizo 90, chaneli inaweza kufungwa pamoja na kila video iliyomo, hata zile ambazo muziki wake ulikuwa halali.

Je, nikiliacha dai likae? Video inaonekana na mimi sitafuti hela za YouTube.

Wengi ndivyo wanavyofanya, na kwa mtu anayeonyesha kazi zake si uamuzi wa kijinga. Ila ujue unachokikubali. Mwenye haki kukusanya matangazo si leseni kwako. Leo agizo lake ni kuchukua mapato. Kesho lebo ikibadilisha msambazaji au mkakati, agizo linaweza kuwa kuzuia, na kionjo chako bora, kile ulichokituma kwa wateja wote, kikawa skrini nyeusi. Pia matangazo yanaweza kutokea kwenye video ya maharusi hata kama chaneli yako haina mapato, na wewe huchagui ni tangazo la nini. Familia ikiona tangazo la kamari katikati ya dua, atakayepigiwa simu ni wewe.

Nilipinge dai lini, na nikipinga kinatokea nini?

Lipinge pale tu unapokuwa na karatasi mkononi, au mfumo umekosea kabisa, mfano muziki ni wa maktaba uliyoilipia. "Sikujua" na "nimemtaja msanii kwenye maelezo" si hoja.

Ukipinga, aliyedai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaisha. Akikataa, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Lakini kwenye rufaa mchezo umebadilika, kwa sababu akitaka kuendelea kushikilia msimamo wake anatuma ombi la kuondoa video, na hapo ndipo onyo linapozaliwa. Bado kuna ngazi ya kujibu ombi hilo kwa maandishi ya kisheria, ambapo mwenye haki hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kuwa amefungua shauri. Kwa kionjo cha harusi, sijaona sababu ya kufika huko wakati kubadilisha wimbo ni kazi ya saa moja.

Kama chaneli yako inaingiza mapato, pinga ndani ya siku 5 tangu dai lije. Ukiwahi, mapato yanashikiliwa kuanzia siku ya kwanza ya dai mpaka mgogoro uishe. Ukichelewa, yanaanza kushikiliwa siku uliyopinga, na ya nyuma yamekwenda.

Sekunde 30 si ruhusa? Na nikipandisha kasi ya wimbo kidogo?

Hakuna sekunde za bure. Hilo la sekunde 30, wengine 15, wengine 7, halimo kwenye sheria ya Tanzania wala ya Kenya wala kwenye masharti ya YouTube. Kupandisha kasi au kushusha sauti ya wimbo huenda kukaupita mfumo kwa wiki kadhaa, lakini hakukupi haki yoyote, na msikilizaji wa kawaida anautambua wimbo papo hapo. Maneno "haki zote ni za mwenye wimbo" kwenye maelezo ya video yanathibitisha tu kwamba ulijua si wako.

Sikuweka wimbo mimi. Ni dijei aliupiga ukumbini na kamera ikaudaka.

Mfumo hauulizi wimbo umeingiaje. Rekodi ikisikika vizuri, inatambuliwa, hata ikiwa na vigelegele juu yake. Na kisheria bado umeinakili na kuisambaza.

Hapa dawa ni ya fundi, na inaanza siku ya harusi. Mfungie bwana harusi maikrofoni ndogo ya kwenye koti, na mshehereshaji naye umchukue kwa kinasa sauti chake, ili viapo, hotuba na vichekesho vya wajomba viwe kwenye sauti zao wenyewe. Ukiwa nazo hizo, sauti ya ukumbi unaizima kabisa wakati wa kuingia na kucheza, unaweka muziki wenye leseni wenye mwendo unaokaribiana, na hatua za wachezaji haziachani nao sana. Chagua muziki huo kwa kuhesabu mapigo kwa dakika kabla hujaanza kukata picha.

Kama video imeshapanda na dai limekuja, ifungue ndani ya YouTube Studio, nenda kwenye maelezo ya dai, utaona chaguo kama `Trim out segment`, `Replace song` na `Erase song`. La kwanza linakata kipande chote, picha na sauti. La pili linaweka muziki mwingine wa YouTube. La tatu linajaribu kuufuta wimbo na kuyaacha maneno ya watu. Kwenye hotuba yenye muziki mdogo kwa mbali hufanya kazi vizuri, lakini dijei akiwa ameachia spika zote, linashindwa au linaacha sauti za watu kama wamo ndani ya pipa. Ukifanikiwa kukiondoa kipande, dai linaondoka bila kupinga chochote.

Na kikundi cha taarabu kilichoimba mubashara, au kwaya kanisani?

Hapo rekodi ni yako, uliirekodi mwenyewe. Lakini utunzi una mwenyewe, na waimbaji nao wana haki juu ya uimbaji wao. Hizo ndizo hakishiriki zinazotajwa kwenye jina la sheria. Kikundi kulipwa kutumbuiza si kukubali kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni. Muulize kiongozi wa kikundi kabla ya shughuli, jibu liwe kwenye maandishi, na umuulize pia wimbo ni wa nani. Kama wanaimba wimbo wa kundi lingine, Content ID inaweza kuutambua kwa melodia yake ingawa sauti si za rekodi ya awali.

Ukumbi umelipia leseni ya muziki. Hainihusu?

Hapana. Leseni ya ukumbi, baa au dijei ni ya kuupiga wimbo mbele ya watu waliopo. Haimo ruhusa ya kuuunganisha na picha. Ni hivyohivyo Kenya, ambako wenye kumbi hulipia leseni za vyama vya wenye haki. Risiti ya mwenye ukumbi haikusaidii lolote kwenye chaneli yako.

Muziki wa bure uko wapi, na una mitego gani?

Salama kuliko yote ni Audio Library iliyomo ndani ya YouTube Studio. Nyimbo nyingine humo hazidai chochote, nyingine zinadai umtaje mtunzi, na alama iliyo pembeni ya wimbo inakuonyesha ni ipi.

Mtego uko kwenye leseni za Creative Commons, ambazo watu huzisoma kama neno "bure". Angalia herufi. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na wewe unatangaza biashara yako. ND inakataza kutoa kazi iliyobadilishwa, na maandishi ya leseni yenyewe yanasema kuunganisha muziki na picha zinazotembea tayari ni kuibadilisha kazi. Kwa hiyo wimbo wenye ND hauwezi kusindikiza video hata kama hukukata sekunde moja. SA inakutaka uiachie video yako yote kwa leseni ileile, jambo ambalo maharusi hawajalikubali. Inayobaki kwa kazi yetu ni BY, na inataka utaje kwenye maelezo ya video, pamoja na kusema kama umeukata:

```
Muziki: JINA LA WIMBO – JINA LA MSANII (umefupishwa)
CC BY 4.0 https://creativecommons.org/licenses/by/4.0/
```

Maktaba za kulipia, kama Epidemic Sound na Artlist, zinafaa kwa mtu mwenye harusi kila wikiendi. Kabla hujalipa, soma mambo mawili: kama kifurushi chako kinaruhusu kazi za wateja, maana vifurushi vya bei ya chini mara nyingi ni vya chaneli yako tu, na kama mteja anaweza kuiweka video kwenye kurasa zake. Piga picha ya skrini ya leseni siku unayopakua wimbo, uihifadhi kwenye folda ya harusi hiyohiyo.

Instagram na TikTok zina nyimbo zote ndani. Si nizitumie hizo?

Ndani ya programu hiyo, kwa akaunti binafsi, sawa. Akaunti ya biashara inapewa maktaba finyu zaidi, na ndiyo sababu wimbo unaouona kwa rafiki yako huuoni kwenye ukurasa wa studio. Ruhusa hiyo pia haisafiri. Ukitengeneza klipu TikTok ukaishusha na kuipandisha YouTube, wimbo umefika huko bila leseni.

Shorts, yaani video fupi za YouTube, nazo zina mpaka wa kuukumbuka. Tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika 3, lakini Shorts iliyozidi dakika 1 ikiwa na dai la Content ID inazuiwa duniani kote.

Mteja anang'ang'ania wimbo wao, ule wa siku walipokutana.

Mwambie mapema, siku ya kusaini, si siku ya kukabidhi. Weka mstari kwenye mkataba: video itakayowekwa mtandaoni itakuwa na muziki wenye leseni, na mteja akitaka wimbo wa msanii fulani, gharama na muda wa kutafuta ruhusa ni juu yake. Wakishaona gharama, wengi wanaulegeza moyo.

Mtindo uliopo mitaani ni kutoa matoleo mawili, la flashi lenye wimbo wao na la mtandaoni lenye muziki mwingine. Mfumo hautaliona la flashi, lakini mbele ya sheria bado umenakili wimbo katika kazi ya kulipwa. Na flashi haikai sebuleni. Shangazi mmoja akiipandisha Facebook, jina la studio yako liko mwanzoni mwa video.

Nyimbo za zamani za dansi, za miaka ya sitini, si zimeshakuwa za wote?

Usikimbilie. Kwa sheria ya Tanzania utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na walipotunga wawili au zaidi, hesabu inaanza kwa aliyefariki mwisho. Bendi zilikuwa na watunzi wengi, na baadhi waliishi muda mrefu. Rekodi ina hesabu yake, miaka 50 tangu itolewe, kwa hiyo rekodi ya 1965 inaweza kuwa imemaliza muda wake hapa nyumbani huku utunzi uleule bado una mwenyewe. Ulaya rekodi zinalindwa miaka 70, na video yako inaonekana huko pia. Tena nakala nyingi zinazozunguka ni za matoleo yaliyosafishwa upya na kusambazwa na kampuni, nazo zimo kwenye Content ID kama wimbo wa jana.

Kama ni lazima uutumie, tafuta familia ya mtunzi kwanza, na uwaombe wakuonyeshe karatasi ya mirathi inayosema nani anasaini. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, inaweza kukusaidia kujua kazi imesajiliwa kwa jina la nani, ingawa wimbo ambao haujasajiliwa nao unalindwa vilevile.